Ninavyosahihisha rasimu tatu za insha moja

Nafundisha uandishi wa Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Nje ya geti kuna steshenari kadhaa, na kila aliyesoma chuo anajua kinachofanyika mle. Unachapiwa kazi, unatolewa kopi, na ukiuliza kwa sauti ya chini unapata asaimenti iliyokwisha kuandikwa. Siku hizi hata huko si lazima kwenda, maana akili mnemba iko kwenye simu.

Sikutaka kuanza na msako. Nilitaka kwanza kuelewa kwa nini mtoto aliyefaulu kidato cha sita, anayeongea vizuri na kubishana vizuri, alipe hela ili aandikiwe kurasa tatu. Jibu niliona liko kwenye utaratibu wenyewe wa kusahihisha. Mwanafunzi analeta insha mara moja, mwalimu anaijaza wino mwekundu, anaandika 11 juu ya 20, anarudisha, wanahamia mada nyingine. Hapo kinachopimwa ni karatasi moja, na karatasi hiyo haielezi imetoka wapi. Mwanafunzi anayeogopa kusapu anaona kabisa kuwa ya kununua itampa 14 na ya kwake itampa 9. Makosa yaliyopigiwa mstari hayana kazi tena, kwa sababu insha ile haitarudi mezani.

Kwa hiyo nikabadilisha kinachopimwa. Insha moja sasa inachukua wiki sita na inapita rasimu tatu, kwa alama zile zile 20. Rasimu ya kwanza inaandikwa darasani, kwa mkono, dakika 40, na ina alama 2 za kuandika tu, iwe nzuri au mbaya. Rasimu ya tatu, ambayo ndiyo toleo la mwisho, ina alama 10 kwa ubora wake. Alama 8 zilizobaki ni za kilichotokea katikati: mwanafunzi amefanya nini na maoni niliyompa, na anaweza kukieleza? Rasimu ya pili na ya tatu zinakuja na barua ya nusu ukurasa, aliyoniandikia mimi, akisema amebadilisha nini, ameacha nini vile vile, na kwa sababu gani.

Kwenye rasimu mbili za mwanzo siandiki alama ya ubora hata kidogo. Hili wanafunzi hulilalamikia kuliko jingine lolote. Lakini mtafiti Ruth Butler alilipima huko Israeli na kuchapisha matokeo yake mwaka 1988: wanafunzi waliopewa maoni peke yake walisonga mbele, ila waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika na maoni yale. Nami naliona darasani kwangu. Karatasi yenye namba inafunuliwa, namba inaangaliwa, jirani anaulizwa yeye kapata ngapi, karatasi inaingia kwenye begi. Isiyo na namba inasomwa, kwa kuwa hakuna kingine cha kuangalia.

Sasa nieleze insha moja ilivyokwenda, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mada ilikuwa kama machinga waondolewe pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam. Katika rasimu ya kwanza msichana huyu aliandika hivi:

"Machinga ni changamoto kubwa sana katika nchi yetu. Machinga hizi zinasababisha uchafu na msongamano mkubwa. Pia wanajitafutia riziki zao. Hivyo serikali iliangalie suala hili kwa jicho la pekee."

Aya hiyo ningeweza kuipiga mistari mpaka isisomeke. Kuna upatanisho uliovunjika, kuna "changamoto" lililowekwa mahali ambapo angesema wazi ni tatizo gani, kuna sentensi ya mwisho inayofaa kufungia insha yoyote duniani. Sikugusa lugha. Mwanafunzi ukimsahihishia maneno, atabadilisha maneno na kukurudishia hoja ile ile ikiwa safi zaidi. Nikaandika mambo mawili tu: "Sentensi ya pili inawashtaki machinga, ya tatu inawatetea. Wewe uko upande gani? Halafu nipeleke sehemu moja unayoijua kwa macho yako."

Ombi hilo la pili nalipenda, na ndilo linalopunguza hamu ya kwenda steshenari. Anayeandika kwa malipo hajui mwanafunzi huyu ameona nini, na akili mnemba haijui pia. Ili mtu mwingine ajibu maoni yangu, mwenye insha itabidi amsimulie kila kitu kwanza, na akishasimulia, insha imekwisha kuanza kuandikwa.

Rasimu ya pili ilitufikisha Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mama yake mdogo alikuwa akiuza nguo za watoto pale mpaka machinga walipoondolewa mwaka 2021. Akaeleza jinsi alivyohamia sehemu ambayo wateja hawapiti, na jinsi alivyokuwa akirudi jioni na furushi karibu lile lile aliloondoka nalo asubuhi. Barua yake ilikuwa na sentensi ambayo nimeinakili: "Aya ya uchafu nimeifuta kwa sababu sikuwa na mfano wowote, niliiandika tu kwa vile kila mtu huandika hivyo." Hapo tayari alikuwa ameng'amua jambo ambalo kalamu nyekundu isingemwonyesha.

Lakini insha ilikuwa imekuwa kilio cha upande mmoja. Maoni yangu ya pili yakawa: "Nyuma ya meza ya mama mdogo kuna mwenye duka. Mpe aya nzima aseme malalamiko yake kwa haki, kama angeyasema mwenyewe. Kisha umjibu." Akaenda kuongea na muuza duka. Katika rasimu ya tatu muuza duka analalamika kwamba yeye analipa pango, leseni na kodi, wakati mwenye meza mlangoni kwake, anayeuza bidhaa zile zile, alilipia shilingi 20,000 tu za kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018. Msichana alipomaliza kumsikiliza, msimamo wake ukabadilika. Hakusema tena kwamba machinga waachwe walipo. Alisema wapangiwe mitaa na saa zao, wasipelekwe mahali pasipo na wateja, na mlango wa duka uachwe wazi. Pia sasa aliandika "machinga hawa", kwa sababu katika maoni ya kuelekea rasimu ya tatu ndipo ninapoingia kwenye lugha, tena kwa kosa moja linalojirudia, silo kila kosa.

Toleo lake la mwisho nililipatia 7 kati ya 10, maana bado hitimisho lilikuwa limelegea. Kwenye mabadiliko alipata 8 zote. Jumla ikawa 17, na kila alama ningeweza kumwonyesha imetoka aya gani.

Wapo wanaojaribu kuuzunguka utaratibu huu. Werevu kadhaa huandika rasimu ya kwanza mbovu makusudi ili waonekane wamepiga hatua kubwa. Hawa unawatambua: tahajia imevurugwa, sarufi imevurugwa, ila hoja zimepangwa sawasawa, kwa kuwa kujifanya hujui kupanga ni kazi ngumu kuliko kujifanya hujui kuandika. Ndiyo sababu alama 8 zile sizitoi kwa umbali kati ya mwanzo na mwisho. Nazitoa kwa uzito wa uamuzi uliofanywa na sababu iliyotolewa. Jambo hilo linamlinda pia mwandishi hodari ambaye rasimu yake ya kwanza ilikuwa nzuri. Huyo nampa swali gumu zaidi, na akilijibu anapata alama zake hata kama insha imebadilika kwa aya moja tu.

Wengine huleta rasimu ya pili iliyotoka nje. Dalili yake ni kwamba hakuna sentensi hata moja ya rasimu ya kwanza iliyosalimika, na swali langu limerukwa au limejibiwa kwa maneno ya jumla. Simwiti mwizi, kwa sababu kuandika upya kabisa kunaruhusiwa na wapo wanaofanya hivyo kwa haki. Namwita mezani, naweka rasimu mbili pamoja, namwomba anionyeshe wazo lake la kwanza limehamia wapi. Mmoja alikuja, akatoa shikamoo, nikaitikia, akakaa akitazama zile karatasi mbili kwa muda.

"Mwalimu, hii ya pili siijui vizuri," akasema.

"Ya kwanza je?"

"Ya kwanza naijua."

Basi tukaendelea na ile ya kwanza. Alipoteza alama za barua ya rasimu ya pili, hakupoteza insha nzima, na zilikuwa zimebaki wiki mbili za kuandika rasimu ya tatu. Nadhani hapa ndipo penye nguvu ya kugawa alama kidogo kidogo. Usiku wa mwisho hauna tena alama 20 zinazomsubiri mtu aliyechelewa, kwa hiyo hofu inayompeleka mtu kudesa inapungua.

Utaratibu huu hauwafikii wote. Nina wanafunzi wanaoendesha bodaboda mpaka usiku wa manane ili walipe chumba, na kwao rasimu tatu ni mzigo mara tatu. Kwa hao natenga dakika 30 za kipindi rasimu ya pili ianze kuandikwa hapo hapo darasani. Wachache bado wananunua, na naamini wataendelea.

Walimu wenzangu huniuliza nitasomaje rasimu tatu za darasa la watu mia na ushee. Jibu ni kwamba sizisahihishi, nazisoma. Rasimu ya kwanza ni ukurasa mmoja na nusu, naipa kama dakika nne, na naandika swali moja na ombi moja. Maswali hujirudia, kwa hiyo yale yanayowahusu wengi nayasema darasani mara moja kwa wote na kwenye karatasi naweka namba ya swali. Rasimu ya pili naanza na barua, na mara nyingi barua inanionyesha aya ipi ya kusoma kwa makini. Kusahihisha kwa ukamilifu ni kwa toleo la mwisho peke yake, na hilo linakwenda haraka kwa sababu insha nimekwisha kuifahamu.

Sharti nisilolivunja ni kurudisha ndani ya wiki moja. Maoni yakikaa zaidi ya hapo, mwanafunzi ameshasahau alikuwa anataka kusema nini, na rasimu inayofuata inakuja kama insha ya mtu mwingine hata pale alipoiandika mwenyewe.