Plau lenye mabawa mawili

Tabora, Jumapili jioni

Ukiitazama haraka picha niliyoletewa ya banda moja la Urambo, mkoani Tabora, ili nitambue zana iliyomo, chuma kilichoegemezwa ukutani ni plau: mishikio miwili, boriti ya chuma, kigurudumu mbele. Jina hilo linakataliwa na sehemu ya chini, inayogusa ardhi.

Plau la maksai hugeuza udongo kulia tu. Kushoto lina kipande kirefu kilichonyooka, kinachoegemea ukuta wa mfereji ili lisiyumbe, na kisigino cha kipande hicho hulika sana. Hapa hakipo, wala matundu ya bolti zake. Ulimi umechongoka kama mshale na mabawa mawili yanatoka kushoto na kulia, yamelika sawasawa. Ni jembe la matuta. (Kabla ya kubishana kushoto na kulia, soma maandishi ya gunia lililo kando. Picha ikigeuzwa, plau la kawaida huonekana la ajabu.)

Lakini matuta ya kazi gani? Udongo wa kichanga wa huku husugua chuma kama msasa. Palipopita udongo hubaki laini hata kutu ikishika baadaye. Pasipoguswa hubaki vinundu na rangi ya kiwandani. Kwenye mabawa haya ulaini umeishia kiganja kimoja juu ya ukingo wa chini. Anayefungua matuta mapya huzamisha zaidi, udongo ukapanda karibu bawa zima. Nyuma, vyuma vya kurekebisha upana vina matundu kadhaa. Lile la upana mdogo limelika hadi kuwa umbo la yai, mengine bado mviringo. Jembe jembamba, lisilozama sana: nadhani lilipita katikati ya mistari kupandishia mimea udongo wakati wa palizi.

Urambo, kila mtu atasema tumbaku. Mimi naitazama nira iliyolala chini. Nira ya kulimia ni fupi. Ya kupalilia ni ndefu, kwa kuwa kila maksai hupita mfereji wake na jembe hupita ule wa kati, hivyo shingo hadi shingo ni mara mbili ya nafasi ya mistari. Mahindi ya sentimita 90 yanataka 180. Tumbaku ya mita 1.2 hivi inataka 240. Nira hii haifiki hata mara mbili ya boriti, na boriti za majembe haya huwa kama mita moja. Basi mahindi, au karanga zilizopandwa kwa matuta ya nafasi hiyo.

Tatizo ni kwamba nira iko karibu na kamera kuliko jembe, na kitu cha karibu hurefuka machoni. Hilo linazidi kuiondoa tumbaku, maana nira halisi ni fupi kuliko inavyoonekana. Mwenye banda akiweza, aweke rula kati ya matundu mawili ya shingo, apige picha moja tu kutoka juu.