Moja, mbili, tatu: jinsi tulivyoacha kubutua

Msimu uliopita kila mtu hapa Busia alikuwa kocha isipokuwa mimi. Nauza vipuri vya bodaboda karibu na mpaka, na jioni nafundisha timu ya mtaani: wapakiaji wa mizigo, vijana wa boda, na wawili wanaobadilisha pesa. Kwa watu wanaofika mazoezini mgongo umeshauma, kumiliki mpira dakika 90 ni ndoto. Tukapaki basi: mabeki wanne, viungo wanne mbele yao, wote wamebanana karibu na boksi letu. Kuzuia tulizuia vizuri. Balaa lilianza tukishaupata mpira.

Mzee mmoja wa stejini, ambaye anasema aliwahi kucheza mpira mkubwa, hakuacha kunipigia kelele. "Kocha, wakiupata wabutue! Mbele kuna uwazi!" Nikamtii, tena mechi tano nzima. Straika wangu alibaki peke yake na mabeki wawili warefu, akiruka kama kuku aliyefungwa mguu, na mpira ukarudi kwetu hata kabla mabeki wangu hawajafuta jasho.

Nilipochoka nikamwomba mpwa wangu arekodi mechi kwa simu. Kando ya uwanja kulikuwa na lori linalosubiri karatasi za forodha, akapanda juu yake, akapata kuona uwanja mzima kuliko mimi niliyekuwa chini. Usiku nikaitazama na saa ya simu mkononi. Tuliupokonya mpira mara 31. Mara nyingi mno tuliupoteza ndani ya sekunde nne. Na si kwamba tulichelewa kuupiga, hapana, tuliupiga haraka sana! Tuliupiga haraka kwa mtu ambaye hajajiandaa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mzee wa steji hajawahi kunieleza. Timu ikipoteza mpira, wale walio karibu wanamrukia aliyeuchukua, wawili au watatu kwa pamoja. Kocha Guardiola aliwafundisha Barcelona yake kufanya hivyo kwa sekunde kama tano, na siku hizi hata timu za shule zinaiga. Kwa hiyo mpira ukiupata uko katikati ya nyuki. Kazi ya pasi ya kwanza ni kuutoa humo tu, hata ikienda pembeni, hata ikirudi nyuma kidogo, mradi imfikie mtu aliyetazama mbele na asiye na mtu mgongoni. Nyuki wakishapitwa, huko nyuma yao ni shamba tupu.

Halafu nikapiga hesabu. Kutoka boksi letu mpaka boksi lao ni kama mita 65 au 70. Kijana wangu dakika ya 70, miguu imechoka, anakimbia labda mita 7 kwa sekunde. Ni sekunde tisa au kumi. Beki wao naye anakimbia hivyohivyo, kwa hiyo anayefika kwanza ni aliyeanza kwanza. Ukipapasa mpira sekunde moja, umemzawadia beki mita 7. Ukipapasa mbili, ameshakaa mbele yako anakusubiri.

Nikaweka sheria mazoezini. Mpira ukipokonywa, kipa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kabla ya tatu uwe umetoka kwenye nyuki na uko kwa mtu anayetazama mbele. Tatu ikifika bado tunahangaika, shambulizi limekufa: rudisha kwa kipa, tupumue, tupange ukuta upya. Hii ya mwisho ndiyo iliyowaudhi vijana kuliko zote. Winga wangu wa kushoto alisema, "Kocha, unatufundisha woga." Lakini kabla ya hapo walikuwa wakikurupuka wote sita mbele, mpira unapotea, na nyuma wamebaki watu wanne wanatazamana. Mabao mawili tulifungwa hivyo. Nikaamuru wanaokimbia wawe watatu, wanne wakizidi, na kiungo mmoja mkabaji asivuke mstari wa kati hata akiitwa na mama yake. Anayevunja sheria ananunua roleksi ya chapati na mayai. Kwa hesabu yangu ya haraka, nimelishwa mara tatu na nimenunua mara kumi, maana hata kocha hupiga kelele "nenda!" pasipostahili.

Kitu kingine: niliwaonyesha bao la Ubelgiji dhidi ya Japani, Kombe la Dunia 2018, kwenye kibanda cha video. Dakika za nyongeza, 2-2, Japani wanapiga kona. Kipa wa Ubelgiji, Courtois, anaudaka, na habutui! Anakimbia hatua chache, anauviringisha kwa De Bruyne ambaye tayari ana mwendo. De Bruyne anaubeba mwenyewe mpaka wamfuate, ndipo anampa Meunier kulia. Krosi ya chini, Lukaku anauacha upite, Chadli anamalizia. Karibu sekunde kumi, wavu hadi wavu. Kijana mmoja akauliza mbona Lukaku hakuupiga. Nikamwambia beki alikuwa amemfuata Lukaku, basi huyo beki ndiye bao lenyewe.

Nusu fainali tulikutana na timu kutoka mji wa jirani, yenye jezi mpya na daktari wa timu, sisi tuna chupa ya maji. Beki wao wa kushoto alipenda kupanda, kwa hiyo nikamwambia winga wangu wa kulia abane ndani kidogo, amwachie huyo beki njia, ili wenzake wampe mpira. Ulikuwa mtego. Mpira ukiwa bado njiani kwenda kwake, beki wangu wa kulia anatoka kama mshale.

Dakika ya 71 ukanasa. Beki wangu akauchomoa kwa ncha ya kiatu, ukaangukia kwa kiungo. Kipa: "Moja!" Watatu wakamvamia. Hakugeuka, maana wengi hufia hapo kwenye kugeuka. Aliupiga mguso mmoja kwa straika, ambaye nilikuwa nimemzuia asikae na mabeki wa mwisho, akae ubavuni kwa kiungo wao mkabaji. "Mbili!" Straika naye mguso mmoja, akamrudishia kiungo wetu wa pili aliyekuwa anakuja uso mbele, hana mtu. "Tatu!" Pasi ndefu ya chini, kwenye shamba aliloliacha yule beki wao wa kushoto.

Winga wa kulia alikuwa ameshaondoka tangu mpira ulipochomolewa, mita kumi mbele ya anayemfukuza. Akaubeba. Benchi letu lote linapiga kelele apige, naye kwa mara ya kwanza maishani hakutusikiliza. Akasubiri beki wa kati atoke kumkabili, alipotoka tu akauteleza pembeni, na winga wa kushoto, yule wa "unatufundisha woga", akausukuma wavuni kama mtu anayefunga mlango. Kwenye simu ya mpwa wangu ni sekunde 11. Tukashinda 1-0, na mzee wa steji akawaambia watu yeye ndiye aliyeniambia mbele kuna uwazi.

Fainali, wapinzani walikuwa wameshatuona. Wakakaa boksini kwao, wakatuachia mpira tucheze nao. Kipa wangu alihesabu mpaka akachoka, kwa sababu hapakuwa na nyuki wala shamba. Dakika 90 za mabasi mawili yanatazamana, 0-0, na kwenye penalti kiungo mkabaji akapiga juu ya mwamba. Sasa kila jioni najaribu kutafuta cha kufanya na mpira ambao hakuna anayetaka kuupokonya.