Mstari wa baba ulikuwa na dashi

Mwaka 2018 ndo tulipata amri ya mahakama ya kumuasili binti yetu, hapa hapa Tanga, Mahakama Kuu, na mimi nikadhani basi mambo yameisha. Jaji alitusikiliza ndani kwenye chumba chake, sio ukumbini mbele za watu, maana kesi za kuasili hazisikilizwi hadharani, tukatoka pale baba watoto anapiga simu huku na kule anasema tumeshinda. Wakili akatuambia taratibu jamani, amri ni karatasi ya mahakama tu, mtoto mtaani bado anatambulika kwa cheti cha zamani mpaka Msajili Mkuu wa vizazi na vifo aiingize kwenye vitabu vyake. Msajili Mkuu ndo RITA, yaani Kabidhi Wasii Mkuu mwenyewe, makao yake Dar.

Nirudi nyuma kidogo. Binti mama yake mzazi alifariki akiwa mchanga sana, akabaki na bibi yake huko Muheza, bibi ana presha na miguu inamvimba, akawa hawezi tena. Tukamchukua kwanza kwa malezi ya kambo, afisa ustawi wa jamii akawa anakuja nyumbani Chumbageni kuangalia analala wapi anakula nini, wakati mwingine anamuuliza mtoto maswali akiwa peke yake. Jirani yangu mmoja Ngamiani, Muislamu, aliniambia kwao yatima unamlea kama wako lakini nasaba haiguswi, abaki na ubini wa babake. Mwingine, huyu simtaji kabisa, akasema mnahangaika nini na mahakama, nendeni mkamwandikishe upya kama mmemzaa nyie, kuna watu wanafanya. Baba watoto alikataa palepale. Mtoto alishasajiliwa, bibi yake ndo aliyemsajili, kwa hiyo ukimsajili tena umetengeneza mtu wa pili kwenye vitabu vya serikali, tena kwa kudanganya, na siku ya urithi au pasipoti mtu yeyote mwenye chuki anaweza kuliibua.

Cheti chake cha zamani kilikuwa na jina la mama, na kwenye mstari wa baba kuna dashi. Ile dashi ilikuwa inamuuma bibi kuliko kitu chochote. Kila akikitoa kwenye mfuko wake wa rambo anaifunika kwa kidole gumba.

Sasa tukaenda RITA na amri yetu, cheti cha zamani, vitambulisho vyetu na cheti cha ndoa. Dada wa dirishani akaweka amri huku na cheti kule, akawa anashuka na kalamu mstari kwa mstari, jina, jinsia, mahali alipozaliwa, akafika kwenye tarehe akasimama. Cheti kinasema 12 Machi, amri inasema 12 Mei.

"Mama, huyu mtoto ni huyu au wako wawili?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akanieleza vizuri tu kwamba amri ya kuasili inamwagiza Msajili afanye mambo mawili kwa pamoja. Kwanza anaandika ingizo jipya kwenye Rejista ya Watoto Walioasiliwa, ambacho ni kitabu cha peke yake, na pale wazazi wanaoandikwa ni nyie. Pili anarudi kwenye rejista ya vizazi, anatafuta lile ingizo la zamani, anaweka alama kwamba mtoto huyu ameasiliwa. Sasa kama tarehe hazifanani atajuaje kwamba ingizo analowekea alama ni la mtoto huyo huyo aliyetajwa na jaji? Akikosea anaweza kumwekea alama mtoto wa watu asiyehusika. Baba watoto akamwambia basi tutaleta kiapo cha wakili, akatikisa kichwa. Kiapo hakiwezi kubadilisha maneno ya jaji, mahakama yenyewe ndo irekebishe amri yake.

Tulipofuatilia tukakuta kosa lilianzia kwenye maombi, ofisi ya wakili (siitaji) waliandika Mei, na maombi yakabeba Mei mpaka kwenye amri, na wote tuliosoma tulikuwa tunaangalia majina tu. Marekebisho yenyewe hayakuwa kesi mpya. Wakili aliomba mahakama isahihishe kosa la uandishi, akaambatanisha cheti cha zamani kuonyesha Machi ndo sahihi, uamuzi wa kuasili wenyewe haukuguswa hata neno. Lakini kusubiri jamani, na shule inadai cheti. Kwa anayeanza safari hii, rasimu ya maombi usiisome peke yake, iweke juu ya cheti cha mtoto usome herufi kwa herufi, maana amri ikishatoka kwa jaji hakuna wa dirishani atakayeirekebisha kwa kalamu.

Kati hapo tukaenda Muheza kumsalimia bibi. Nikamkuta amenyamaza hivi, nikajua ana jambo. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo rejista mpya, ina maana jina la mwanangu wanalifuta?"

Sikuwa na jibu. Tuliporudi RITA na amri iliyosahihishwa nikamuuliza yule dada, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelibeba hilo swali njia nzima kuanzia Segera. Akasema, "Mama, humu hatufuti kitu." Ingizo la zamani linabaki lilivyo, jina la marehemu lipo, linaongezwa ile alama tu. Kinachofungwa ni njia ya kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, yaani kumbukumbu inayounganisha ingizo la zamani na jipya haionyeshwi kwa mtu anayekuja kuuliza tu, inahitaji amri ya mahakama. Binti akiwa mkubwa akitaka kujua, njia ipo, ila sio ya kila mtu. Na nakala inayotoka kwenye rejista ya walioasiliwa kisheria inasimama mahali pa cheti cha kuzaliwa, popote kinapodaiwa.

Cheti kilipotoka nilikisoma kwa kidole kama yule dada. Jina la binti, 12 Machi, jina langu, jina la baba watoto, mahakama iliyotoa amri na tarehe yake. Shuleni mwalimu alikigeuza geuza akasema mbona hiki sio kama vya wenzake, nikamwambia kinatoka rejista nyingine ila kazi ni ileile, akaenda kuuliza kwa mkubwa wake, akarudi akakipokea.

Bibi yeye tulimpelekea nakala. Hasomi vizuri siku hizi, macho, kwa hiyo nilimsomea, na kabla hajauliza nikamweleza kwamba mwanae yupo kwenye kile kitabu cha kwanza na hakuna aliyemgusa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Ndo akataka nimwonyeshe mstari wa baba uko wapi kwenye hiki kipya, nikamshika kidole nikakiweka hapo, akauliza pana nini, nikamsomea jina la mume wangu lote na la babu yake. Akamgeukia baba watoto aliyekuwa anamenya chungwa mlangoni.

"Kumbe ulikuwepo siku zote hizo bwana, mbona hukuleta hata sabuni?"

Baba watoto akajibu kwamba nauli ya Muheza ilikuwa inamshinda.