Aliyenifungulia chumba Changanyikeni

Oktoba ikifika, vyuo vinafunguliwa na vyumba vya karibu na Mlimani vinagombaniwa. Tangazo nililiona kwenye kundi la WhatsApp: chumba masta Changanyikeni, vigae, maji ndani, luku ya kujitegemea, laki na ishirini kwa mwezi, bila dalali. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta, maana dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu ya ile ya miezi sita ambayo wenye nyumba wengi hudai kwa mkupuo.

Nilimkuta kaka mmoja, mpole, akaniambia nyumba ni yake. Alifungua geti, akafungua chumba, akanionyesha mita na bomba. Chumba kilikuwa kile kile cha kwenye picha. Akasema kuna wawili wanakuja jioni, hivyo nilipe miezi mitatu kwa simu pale pale, 360,000, kisha kesho tuandikishane mkataba.

Pesa nilikuwa nayo. Niliingiza namba aliyonitajia, na kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. "Laini ya mke wangu hiyo, mdogo wangu, tuma tu." Inawezekana kabisa, watu wengi hutumia laini za ndugu zao. Lakini kama jina la mpokeaji si la anayejiita mwenye nyumba, hata baadaye ningethibitishaje kwamba nilimlipa yeye? Nikafuta muamala, nikamwambia naenda kununua maji dukani.

Mangi wa duka la jirani alinijibu bila hata kuinua kichwa. "Yule? Yule mpangaji, dada. Anahama mwisho wa mwezi. Nyumba ni ya mama mmoja anakaa Mbezi."

Nilisimama pale nikihisi miguu haina nguvu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba tapeli anaweza kuwa na ufunguo halali. Mpangaji anayehama ana kila kitu cha kukushawishi: chumba cha kweli, mita ya kweli, geti analolifungua mwenyewe. Anaweza kupokea pesa za watu kadhaa kwa chumba hicho hicho, akahama, akazima simu, nao wakaja kukutana getini na magodoro yao tarehe moja. Nikaelewa pia kwa nini aliniita saa sita mchana, wapangaji wenzake wakiwa kazini, na kwa nini alikuwa na haraka. Kila dakika niliyokaa pale ilimweka karibu na jirani mmoja wa kusema ukweli.

Mangi alinielekeza kwa mjumbe, na mjumbe akampigia yule mama mbele yangu. Mama hakuwa na habari kwamba chumba chake kinatangazwa. Yule kaka alinipigia simu mara mbili, ya pili akifoka kwamba nampotezea muda. Sikurudi kwake. Namba yake niliituma 15040, ya kuripoti utapeli wa simu, na kwenye lile kundi nikaandika yaliyotokea, kwa sababu hao wawili wa jioni huenda walikuwepo kweli.

Chumba hicho hicho ndicho ninachokaa sasa, lakini safari hii niliuliza watu wasio na faida yoyote katika pesa yangu. Mjumbe alithibitisha mama ndiye mwenye nyumba. Nilimwomba mama anionyeshe bili ya maji na kitambulisho chake, majina yakaoana. Mjumbe aliniambia yasipooana si lazima uwe utapeli, kwani nyumba za urithi bili hubaki kwa jina la marehemu. Hapo unauliza familia na serikali ya mtaa ni nani anayepokea kodi kwa niaba ya wenzake. Dalali naye si tatizo, mradi kodi yenyewe usimpe yeye. Anayestahili kupewa ni mwenye nyumba.

Mkataba tuliusaini ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, ukagongwa muhuri, kila mtu akabaki na nakala. Umeandikwa kiasi, tarehe ya kuanza, na namba ya simu itakayopokea kodi siku zote. Hiyo namba ni muhimu kwa wale matapeli wa ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma namba hii". Pesa nililipa baada ya muhuri, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mama.

Yule kaka alihama kabla ya mwisho wa mwezi na kumkabidhi mama ufunguo mmoja. Mama hakujua kama ulichongwa mwingine, kwa hiyo siku niliyohamia alimleta fundi, kitasa kikabadilishwa kabla sijaingiza begi.