Nilivyompatia mdogo wangu kitabu cha anatomia bila kununua

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alipata chuo, diploma ya uuguzi, tukashangilia wee nyumbani, halafu ikaja ile karatasi ya mahitaji. Ada tulishajipanga, sare tukapambana, kufika kwenye vitabu nikakaa chini. Cha anatomia peke yake dukani niliambiwa laki na themanini, hapo bado famakolojia, bado misingi ya uuguzi. Kwenye maktaba ya chuo kipo ila nakala mbili darasa zima, ukikiwahi unakisomea humo humo ndani, hakitoki.

Mimi nina stesheneri ndogo hapa Iringa, kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi, kwa hiyo nikajiona mjanja, nikasema hiki nitakitafuta mtandaoni, nitakiprinti kidogo kidogo, basi. Nikaandika jina la kitabu kile kile walichotajiwa, mbele yake nikaweka "pdf free download". Jamani. Nilipoteza karibu wiki nzima na bando lote. Websaiti ya kwanza ina vitufe vitano vya Download ukurasa mmoja na vyote ni matangazo, ya pili inasema bure ila ujisajili, ukijisajili inataka namba ya kadi ya benki eti majaribio ya siku saba, ya tatu ikanishushia faili la apk, programu ya simu siyo kitabu, nashukuru nilikuwa kwenye kompyuta likabaki limelala hapo. Moja nikafanikiwa kudaunlodi PDF kabisa, nikafurahi, kufungua ni jalada na yaliyomo tu, kurasa kumi na nne. Na ningeangalia ukubwa ningejua mapema, faili lilikuwa MB moja na kidogo. Kitabu cha kurasa elfu moja chenye picha za rangi kila ukurasa hakiwezi kukaa kwenye MB moja, haiwezekani. Siku hizi hicho ndicho kitu cha kwanza naangalia, jina la faili linaishia na nini na lina uzito gani.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu mmoja mteja wangu, alikuja kutoa kopi za mtihani akanikuta nalaani kompyuta. Akaniambia wewe unakosea hapo hapo mwanzo, unatafuta kitabu cha watu kinachouzwa, tafuta kilichoandikwa ili kigawiwe bure. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: openstax.org.

Hawa OpenStax wapo chini ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, vitabu vyao walianza kuvitoa 2012, na ni vitabu kamili vya mwaka wa kwanza na wa pili chuoni, vimeandikwa na walimu wenyewe wa hayo masomo. Hakuna kujisajili, hakuna kadi. Unaingia, unachagua somo, unabonyeza kitabu, unakuta sehemu mbili, kusoma hapo hapo au kushusha PDF. Nikakuta Anatomy and Physiology 2e, sura 28, kurasa zaidi ya elfu. Nilirudia kusoma kama mara tatu hivi nikitafuta wapi wameficha bei.

Ila kosa nililofanya hapo, nikamtumia linki ya PDF nzima ashushe kwa simu yake. Kile kitabu ni kizito, picha nyingi mno, simu yake ya GB mbili ya ramu ikashusha hadi bando likaisha katikati, akanipigia. "Shikamoo kaka, bando limeisha na kitabu hakijaja, na moyo tunaanza Jumatatu." Nikamwambia acha kwanza, usiguse kitu. Kumbe njia ya mtu wa bando ni ile ya kusoma kwenye websaiti yenyewe, pale kila kipengele cha sura ni ukurasa wake, unafungua sura ya 19 ambayo ndiyo moyo, inashuka hiyo tu. Ile PDF nzima nikaishusha mimi dukani usiku, nikaikata sura moja moja, kila sura ikawa faili dogo ambalo hata kwa WhatsApp linapita. Kukata natumia programu ya bure inaitwa qpdf, amri yake ni mstari mmoja unaouandika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

```
qpdf anatomia.pdf --pages . MWANZO-MWISHO -- moyo.pdf
```

Hapo kwenye MWANZO na MWISHO unaweka namba za kurasa. Angalia sana hapa, namba inayotakiwa ni ile ya faili, ile unayoiona juu kwenye programu ya kusomea, siyo iliyochapwa chini ya ukurasa, maana kurasa za utangulizi zinasogeza hesabu. Mara ya kwanza nilimkatia moyo nikampelekea mkia wa sura ya damu pamoja na moyo uliokatika katikati, alicheka huyo.

Tatizo lililofuata, mkufunzi wao anasema "someni ukurasa fulani hadi fulani" na anamaanisha kile kitabu cha laki na themanini. Ukienda na namba zile kwenye kitabu kingine unaangukia kwenye figo. Tulichofanya, nikamwambia anitumie picha ya mtaala wa moduli, ile orodha ya mada, tukakaa kwenye simu jioni moja tunapanga, mada ya mifupa ni sura ya 6 hadi ya 8, damu ya 18, moyo 19, mishipa ya damu 20, upumuaji 22, mmeng'enyo 23, mkojo 25, uzazi 27. Akaandika kwenye jalada la daftari kwa ndani. Toka hapo mkufunzi akitaja ukurasa yeye anauliza tu hiyo ni mada gani, anaenda kwenye sura yake. Na mada zao za anatomia karibu zote zimo, kwa sababu mwili wa mtu ni ule ule.

Kuprinti nako kulinifundisha. Nilimtolea sura ya moyo nyeusi na nyeupe, mbele na nyuma, nikabana nikampelekea na gari la Jumamosi. Akanipigia tena: "Kaka, mishipa yote ni ya kijivu." Kweli bwana, kwenye kitabu damu yenye oksijeni wamechora nyekundu na isiyo nayo ya bluu, kwenye karatasi yangu vyote sawa. Kutoa rangi nzima ningefilisika wino. Tukakubaliana maneno nimtolee, picha aangalie kwenye simu, na zile nne tano muhimu apake mwenyewe kwa penseli za rangi. Anasema hizo alizopaka kwa mkono ndizo hazisahau, sijui, mimi nilikuwa nabana wino tu.

Kuna jambo la leseni nalo, hasa kwa sisi wenye mashine. Kopi ya kitabu cha mtu ni kosa hata kama wote tunajifanya hatuoni. Hiki cha anatomia nilichoshusha mimi, kurasa za mwanzo zimeandikwa CC BY 4.0, maana yake nakili, gawa, hata toa kwa malipo, mradi utaje waliokiandika. Lakini siyo vitabu vyao vyote viko hivyo, cha kalkulasi kwa mfano kina herufi NC, hapo ni marufuku kufanyia biashara. Kwa hiyo kabla sijamtolea mwanafunzi nasoma kwanza ukurasa huo, nikiona NC namuwekea faili kwenye flashi asome, simuuzii nakala.

Cha uuguzi wenyewe tulikipata kwingine, ncbi.nlm.nih.gov/books, ni rafu ya vitabu ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Siyo kila kitu humo kinashushwa, ila andika Open RN utaona, vipo vya misingi ya uuguzi, vya ujuzi wa vitendo na vya famakolojia, vimetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi Wisconsin. Archive.org nayo tulijaribu, ile unafungua akaunti ya bure unaazima kitabu kwa saa moja, nzuri, ila vingi vya kisasa vimeondolewa baada ya wachapishaji kuwashinda mahakamani. Tulichokuta huko ni Gray's Anatomy ya 1918, michoro yake ya mifupa ni mizuri ajabu, nikamwambia angalia mifupa, maelezo ya mengine achana nayo, karne nzima imepita. Kama mtu wako yupo sekondari yeye usimhangaishe na haya, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba yao ol.tie.go.tz, anajisajili anasoma vitabu vile vile vya darasani.

Sasa hivi vya Kimarekani vina mtego, na hapa mdogo wangu aliumia. Kwenye jaribio la famakolojia waliulizwa kuhusu paracetamol, dawa ambayo kila nyumba ipo, akaacha wazi vipengele viwili, kwa sababu kwenye kitabu alichosoma hakuna paracetamol, kuna acetaminophen, akadhani ni dawa nyingine ngeni. Ni kitu kimoja. Adrenaline nayo kwao ni epinephrine. Halafu sukari ya damu wao wanaandika mg/dL, wodini kwao mashine inasoma mmol/L, kwa hiyo kitabu kinasema 90 ni kawaida yeye anaona mashine imeandika 5 anashtuka. Gawanya kwa 18 tu, 90 kwa 18 ni 5, sukari ile ile. Joto la mwili nalo wakati mwingine wanatumia farenhaiti. Na mambo ya miongozo, dozi za malaria, chanjo za watoto, huko usimwamini kitabu cha Wisconsin hata kidogo, hayo ni notisi za darasani na miongozo ya Wizara ya Afya.

Nikamtengenezea karatasi moja, upande huu jina la Kimarekani upande ule la kwetu, chini yake ile ya kugawanya kwa 18, nikaipiga laminesheni. Juzi kanipigia anataka nyingine kumi na mbili za wenzake bwenini, nikamuuliza nani analipa, akasema "kaka si umesema ni bure?" Nikamwambia kitabu ndiyo bure, laminesheni shilingi elfu.