Jinsi nilivyozuia thamani ya mwisho kuruka

Nilipokuwa nikithamini kampuni, mtiririko huru wa fedha wa mwaka wa kwanza baada ya makadirio ulikuwa milioni 100, kiwango cha punguzo asilimia 9 na ukuaji wa kudumu asilimia 4, hivyo thamani ya mwisho, inayobeba miaka yote baada ya makadirio, ilikuwa 100 ÷ 0.05, yaani milioni 2,000. Nilipolishusha punguzo hadi asilimia 8, kwa kuwa matarajio ya mfumuko wa bei yalikuwa yamepungua, ikaruka hadi milioni 2,500. Tunagawanya kwa tofauti ya viwango viwili, na mfumuko uleule umo pia ndani ya ukuaji. Niliposhusha ukuaji hadi asilimia 3, thamani ilirudi karibu palepale. Punguzo likibadilika kwa sababu ya hatari pekee, ukuaji siugusi, na mruko huo, ingawa unaudhi, ni halali.