Nilivyohamisha kamisheni ya wauzaji kutoka kwenye mauzo kwenda kwenye faida

Ninasimamia duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, lenye wauzaji wanne wanaozungukia maeneo ya ujenzi na maduka ya rejareja ya mjini na vijijini. Kwa miaka mingi tuliwalipa mshahara wa msingi pamoja na kamisheni ya asilimia 1 ya mauzo yote ya mwezi, na kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kumpunguzia mteja bei hadi asilimia 5 bila kuniuliza. Mauzo yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka, lakini fedha ya kununulia mzigo mpya ilikuwa ikipungua, na mwisho wa mwezi nililazimika kukopa benki ili kulipa wasambazaji.

Jioni moja nilikaa na ankara za wiki nzima na kuzipitia moja baada ya nyingine. Niliyokutana nayo kwenye ankara ya mifuko 1,000 ya saruji yalitosha kunieleza tatizo lote. Saruji hiyo ilitufikia stoo kwa shilingi 14,200 kwa mfuko, na bei yetu ya kuuzia ilikuwa 14,800. Bei zote ninazozitaja hapa hazina Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kuwa kodi si fedha ya duka na haifai kuingia kwenye hesabu ya kamisheni. Muuzaji alimpunguzia mteja shilingi 300 kwa mfuko, yaani asilimia 2 tu ya bei, kiwango kilichokuwa ndani kabisa ya ruhusa yake. Hata hivyo faida ghafi ya mfuko ilikuwa shilingi 600, kwa hiyo punguzo lile lilikula nusu ya faida. Duka lilipoteza shilingi 300,000. Kamisheni ya muuzaji ilishuka kutoka 148,000 hadi 145,000, kwa hiyo yeye alipoteza shilingi 3,000.

Sikumlaumu yule kijana. Kwa gharama ya shilingi 3,000 alifunga mauzo makubwa ndani ya nusu saa badala ya kubishana na mteja siku nzima, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea hesabu iliyomwambia afanye hivyo. Ankara hiyo ililiachia duka faida ya shilingi 300,000, tukamlipa yeye 145,000, na kilichobaki kilipaswa kulipia mafuta ya Fuso, wapakiaji na kodi ya pango.

Nilichukua takwimu za miezi sita iliyopita na kugawa kila mauzo kwa muuzaji na kwa aina ya bidhaa. Wastani wa mauzo ulikuwa shilingi milioni 150 kwa mwezi, faida ghafi milioni 12.5, na kamisheni milioni 1.5. Muuzaji aliyekuwa akiongoza, ambaye karibu kazi yake yote ilikuwa saruji na nondo, aliuza milioni 61 na kulipwa kamisheni ya 610,000, lakini faida ghafi aliyoleta ilikuwa takriban milioni 2.7. Dada aliyekuwa akishughulikia rangi, vitasa na vifaa vya mabomba aliuza milioni 22 na kulipwa 220,000, nasi tulikuwa tukimhesabu kuwa wa mwisho. Faida ghafi yake ilikuwa karibu milioni 4. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemsemesha huyo dada kuhusu malengo ambayo hakuyafikia, na hilo bado linaniumiza.

Kiwango kipya nilikipata kwa kugawa kamisheni tuliyokuwa tukilipa, milioni 1.5, kwa faida ghafi ya milioni 12.5, ambayo ni asilimia 12. Nilitaka jumla ya malipo ibaki ileile siku ya kuanza, ili mtu yeyote asiseme kwamba mabadiliko yalikuwa njia ya kupunguza ujira. Kwa hesabu hiyo mfuko wa saruji unaouzwa kwa bei kamili humpa muuzaji shilingi 72, na ukiuzwa kwa punguzo la 300 humpa 36. Nusu ya faida ikienda, nusu ya kamisheni nayo huenda. Ndoo ya rangi ya lita 20 inayotufikia kwa 68,000 na kuuzwa 85,000 ilikuwa ikimpa muuzaji shilingi 850 kwa utaratibu wa zamani, na sasa humpa 2,040.

Swali gumu zaidi lilikuwa faida ihesabiwe kutoka wapi. Bei halisi ya kununulia hubadilika kila shehena, na muuzaji hana mamlaka yoyote juu yake. Ukimlipa kwa faida halisi, unamwadhibu kwa ununuzi mbaya nilioufanya mimi. Vilevile sikutaka bei tunazopatana na wasambazaji zizunguke sokoni. Kwa hiyo niliweka kile tunachokiita bei ya msingi kwa kila bidhaa, ambayo ni bei ya kununulia pamoja na usafiri, upakuaji na kiasi kidogo cha mifuko inayopasuka, ikatangazwa kwa maandishi siku ya kwanza ya mwezi na kubaki hivyo hadi mwisho wa mwezi. Kamisheni ni asilimia 12 ya tofauti kati ya bei aliyouzia na bei ya msingi. Tofauti hiyo huhesabiwa hadi bei ya orodha tu. Anayemuuzia mzee wa kijijini ndoo ya rangi kwa 98,000 kwa sababu mzee hajui bei ya mjini hapati hata senti kwa kilichozidi 85,000, na mteja hurudishiwa fedha yake tukigundua.

Upande wa mali kauli nao ulihitaji kanuni yake, kwa sababu faida iliyo kwenye ankara isiyolipwa bado si faida. Benki hututoza asilimia 1.5 kwa mwezi. Saruji ya shilingi 14,200 ikikaa kwa mteja siku 60 bila kulipwa, fedha hiyo inatugharimu shilingi 426, na faida ya 600 inabaki 174. Tuliamua kwamba kamisheni italipwa fedha ikishaingia, na kwamba kila siku 30 ankara inapokaa bila kulipwa, bei ya msingi kwa ankara hiyo itaongezeka kwa asilimia 1.5. Deni lisipolipwa kabisa muuzaji hukosa kamisheni yake, lakini hatumkati mshahara wa msingi, kwa kuwa makato ya mshahara yana masharti yake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na pia kwa sababu uamuzi wa mwisho wa kumkopesha mteja ni wangu.

Kabla ya kuanza nilimwita kila muuzaji peke yake na kumwonyesha miezi sita yake ikiwa imehesabiwa kwa utaratibu wa zamani na kwa utaratibu mpya, mistari miwili sambamba. Yule wa saruji aliona 610,000 ikigeuka takriban 330,000, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilimwahidi, yeye na wenzake, kwamba kwa miezi mitatu tutalipa kiasi kilicho kikubwa kati ya hesabu hizo mbili. Ahadi hiyo iligharimu duka karibu shilingi 280,000 kila mwezi, na naamini bila hiyo angeondoka na wateja wake. Mabadiliko tuliyaandika kama nyongeza ya mkataba, kila mmoja akasaini baada ya kujadiliana, na hakuna aliyesainishwa siku ileile aliyooneshwa.

Mwezi wa pili nilifanya kosa. Tarehe 17 msambazaji wa saruji alipandisha bei kwa shilingi 400, nami kwa hofu nikapandisha bei ya msingi siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata muuzaji wa saruji alikuja na daftari lake la oda mkononi. "Bosi," aliniambia, "mkandarasi nimeshamwahidi mifuko 600 kwa bei ya juzi, na nilimwahidi kwa karatasi uliyotupa wewe. Hiyo 400 ni yangu au ni ya duka?" Nilitazama ile karatasi yenye sahihi yangu na kujibu kwamba ni ya duka. Nilirudisha bei ya msingi ya mwanzo wa mwezi na kuwalipa wote tofauti. Tangu hapo bei ikipanda katikati ya mwezi ninapandisha bei ya orodha kwa oda mpya tu, na bei ya msingi inasubiri mwezi unaofuata. Hasara ya siku hizo chache ni ndogo kuliko hasara ya wauzaji kuanza kuamini kwamba bei ya msingi ni kamba ninayoivuta nipendavyo.

Tatizo lililofuata lilichelewa kuonekana. Wauzaji watatu walianza kuikwepa saruji, nami mwanzoni nilifurahi, kwa kuwa wastani wa faida ulipanda. Kilichonishtua ni idadi ya ankara zenye bidhaa mchanganyiko, ambayo ilipungua kwa wiki tatu mfululizo. Mtu anayejenga huanza na saruji, na anakoinunua ndiko hununua nondo, mabati, bomba na rangi miezi inayofuata. Mteja aliyeambiwa kwamba saruji itafika kesho alikwenda duka lingine na hakurudi kwa ajili ya rangi. Nilishusha bei ya msingi ya saruji kwa shilingi 100, ili muuzaji apate shilingi 84 kwa mfuko badala ya 72, nikijua kwamba shilingi 12 hizo nazilipa kwa ajili ya mauzo yatakayofuata. Ankara mchanganyiko zilirudi katika hali yake ndani ya mwezi mmoja na nusu. Tangu wakati huo nahesabu ankara hizo kila Jumamosi pamoja na faida, kwa maana faida ghafi peke yake huficha mteja anayeondoka.

Utaratibu huu unafaa pale muuzaji anapoweza kuathiri faida, ama kwa kuamua punguzo, ama kwa kuchagua bidhaa ya kusukuma, ama kwa kumfuatilia mdaiwa. Kijana wetu wa kaunta huuza kwa bei iliyobandikwa na hawezi kupunguza hata shilingi kumi. Yeye tulimwacha kwenye bonasi ya idadi ya wateja aliowahudumia na usahihi wa fedha ya droo. Bidhaa zilizochacha stoo, kama rangi iliyokaribia kuisha muda wake, nazo zina bei ya msingi ya pekee ninayoishusha mwenyewe kwa maandishi, ili anayeziuza kwa bei ya kutupa asihesabiwe kuwa ameleta hasara.

Baada ya miezi sita mauzo yalishuka hadi wastani wa milioni 141, na faida ghafi ikapanda hadi milioni 14.4. Kamisheni nayo iliongezeka hadi karibu milioni 1.73, na niliilipa kwa moyo mweupe. Yule muuzaji wa saruji alifikia 520,000 mwezi uliopita. Kwenye ankara yake kubwa kuliko zote kulikuwa na mifuko 400 ya saruji kwa bei kamili, na chini yake, kwa mwandiko wake, ndoo 30 za rangi, masinki sita na vitasa vya milango 24.